Ujumbe mmoja, toni tatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutafuta sauti ya biashara

Maswali haya yametokana na kazi ya kuwaandikia wafanyabiashara wadogo matangazo na meseji za wateja. Mfano unaotumika ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: duka la gesi ya kupikia jijini Dar es Salaam, ambalo mwenyewe aliandika matangazo, binti yake alijibu wateja kwenye WhatsApp, na kijana wa bodaboda alituma meseji zake akiwa njiani. Wateja waliona kama wanahudumiwa na maduka matatu. Bei zilizomo ni za mfano tu.

## Mambo ya msingi

1. Sauti ya biashara ni nini, na inatofautianaje na toni?

Sauti ni tabia ya biashara jinsi inavyosikika katika maandishi yake yote, nayo haitarajiwi kubadilika kati ya Jumatatu na Jumanne. Toni ni namna tabia hiyo inavyojirekebisha kulingana na jambo lililopo. Mama mmoja akimsalimia jirani, akimkemea mtoto na akitoa rambirambi, hatumii toni moja, lakini aliye chumba cha pili anajua bila kumwona kuwa ni yeye yule. Biashara isiyo na sauti ni ile ambayo msikilizaji huyo wa chumba cha pili asingeitambua.

2. Kwa nini niandike ujumbe uleule mara tatu badala ya kuchagua toni moja moja kwa moja?

Kwa sababu karibu kila mfanyabiashara akiulizwa anataka isikike vipi hujibu kuwa anataka iwe "ya kirafiki lakini ya kitaalamu", na jibu hilo halimsaidii mtu anayekaa kuandika. Ukiandika jambo lilelile kwa toni rasmi, ya kirafiki na ya utani, unalazimika kufanya uchaguzi unaoonekana: utamwita mteja nani, utaomba au utaamuru, utataja kosa lako au utalifunika. Matoleo hayo matatu hayakuwekwa ili uchague mojawapo kama chakula cha hotelini. Ni kipimo, na jinsi ya kukisoma imeelezwa katika swali la 9.

3. Nianze na ujumbe gani?

Anza na ujumbe wenye uzito kidogo, ambao mteja hataufurahia lakini hautamwumiza. Tangazo la kupanda kwa bei linafaa sana, na kuchelewa kwa mzigo pia kunafaa. Salamu za Idi au Krismasi hazifai kuanzia, kwa kuwa kila mtu huandika vizuri anapotoa heri. Tofauti hujitokeza pale unapohitaji kumwambia mtu atoe shilingi elfu mbili zaidi na bado arudi dukani kwako.

## Kuandika matoleo matatu

4. Kabla ya kuandika toleo la kwanza, ninahitaji nini?

Unahitaji kiini, yaani orodha ya mambo ambayo lazima yabaki katika kila toleo. Kwa duka letu la gesi yalikuwa matano: kinachopanda ni bei ya *kujaza* mtungi wa kilo 6, inatoka Sh 23,000 na kufika Sh 25,000, inaanza Jumatatu tarehe 4 Mei, atakayeagiza kabla ya saa 12 jioni Jumapili atalipa bei ya sasa, na mitungi ya ukubwa mwingine haihusiki. Jambo la tano tuliliondoa baada ya kujadiliana, kwa kuwa kutaja kilo 6 peke yake kulitosha kwa wateja wa duka lile.

Kiandike kiini hicho pembeni kama orodha kavu isiyo na toni yoyote. Kila unapomaliza toleo, weka alama ya vema kwenye kila jambo. Hatua hii watu wengi huiruka, na hasara yake utaiona katika swali la 7.

5. Toleo rasmi linaandikwaje?

Hili ndilo la duka letu:

> Mteja wetu, tunapenda kukuarifu kuwa kuanzia Jumatatu tarehe 4 Mei, bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 itakuwa Sh 25,000 badala ya Sh 23,000. Oda zitakazopokelewa kabla ya saa 12 jioni Jumapili zitahudumiwa kwa bei ya sasa. Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Kiswahili rasmi kina vyombo vyake. Hutumia kauli ya kutendwa ("zitakazopokelewa", "zitahudumiwa"), hutanguliza maneno ya kufungulia njia kama "tunapenda kukuarifu kuwa", na huondoa watu kwenye sentensi. Angalia kwamba katika sentensi ya pili hakuna anayeagiza wala anayepokea. Kuna oda tu, zinazopokelewa zenyewe. Hali hiyo inafaa kwenye barua ya benki. Kwa duka ambalo mteja anamjua anayembebea mtungi hadi jikoni, huleta ubaridi.

Toni rasmi ina hatari moja ya pekee, nayo ni usumbufu "uliojitokeza". Tumezoea kuomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza kana kwamba ulitoka wenyewe kichakani. Ukiweza kumtaja aliyesababisha, mtaje, hata kama toni ni rasmi: "tumechelewa kuleta mzigo" ni rasmi sawasawa na "kumejitokeza ucheleweshaji", tena ni kweli zaidi.

6. Toleo la kirafiki linatofautianaje? Je, ni kufupisha tu?

Hufupika, lakini kufupika ni matokeo. Kinachobadilika hasa ni nani anatenda. Mteja anarudi kuwa mtendaji wa kitenzi:

> Habari! Kuanzia Jumatatu tarehe 4 Mei, kujaza mtungi wa kilo 6 ni Sh 25,000 badala ya Sh 23,000. Ukiagiza kabla ya saa 12 jioni Jumapili, utalipa bei ya sasa.

"Oda zitakazopokelewa" imekuwa "ukiagiza", na "zitahudumiwa" imekuwa "utalipa". Mteja amepewa umoja, u-, kwa kuwa hata kama meseji imetumwa kwa watu mia nne, kila mmoja anaisoma peke yake kwenye simu yake. "Wateja wetu mnaombwa" humfanya ahisi amesimama kwenye foleni. Rasimu yetu ya kwanza ilisema "bei ya zamani", tukaibadilisha, kwa sababu siku meseji inapofika bei hiyo bado haijawa ya zamani.

Toni ya kirafiki haihitaji "mpendwa", wala "rafiki yetu wa dhati", wala alama tatu za mshangao. Maneno hayo yameshachoshwa na meseji za bahati nasibu, na mteja akiyaona hufikiri anatapeliwa.

7. Toleo la utani linaandikwaje bila kuharibu ujumbe?

Hapa ndipo penye kazi. Rasimu ya kwanza ya binti wa dukani, ambayo nami niliipitisha nikicheka, ilikuwa hii:

> Jamani, gesi ya kilo 6 imeota mbawa! Kuanzia Jumatatu 4 Mei mtungi ni Sh 25,000. Wahi kabla ya Jumapili jioni, maharage yaive kwa bei ya sasa.

Ilitumwa kwanza kwa wateja kama ishirini. Simu zikaanza kuingia. Watatu waliuliza kama gesi imekwisha, kwa kuwa kitu "kilichoota mbawa", kwa mazoea ya Kiswahili, ni kitu kilichoyeyuka na kutoweka, kama matumaini yanavyoota mbawa. Sisi tulikuwa tumemfikiria ndege anayepaa juu. Mmoja alifurahi kwamba mtungi mzima sasa unauzwa Sh 25,000, maana neno "kujaza" lilikuwa limedondoka. Mwingine alifika Jumapili saa 2 usiku akadai kwamba bado ni jioni. Lau tungerudi kwenye orodha ya swali la 4, tungeyaona mawili kati ya makosa hayo kabla ya kutuma.

Toleo lililorekebishwa lilikuwa hivi:

> Jumatatu 4 Mei, kujaza mtungi wa kilo 6 kunapanda cheo: kutoka Sh 23,000 hadi 25,000. Agiza kabla ya saa 12 jioni Jumapili, maharage yaive kwa bei ya sasa.

Utani umebaki mahali pawili tu, kwenye "kupanda cheo" na kwenye maharage, na hakuna hata kimoja kinachobeba taarifa. Ukiyafuta maneno hayo, mteja bado anajua bei, siku na saa. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mpaka leo: utani ukishika nafasi ya taarifa, uondoe.

Ipo pia desturi ya kuzingatia. Utani kwetu una wenyewe. Mtu humtania mtani wake, babu humtania mjukuu, shabiki wa Simba humtania wa Yanga, na kila upande unajua kwamba ruhusa ipo. Duka linalomtania mteja aliyenunua mara moja tu limejipa undugu ambao hajakubali. Vilevile jihadhari na misemo yenye mafumbo. Wanaovaa kanga wanajua kwamba jina la kanga huchaguliwa kwa ajili ya mtu fulani, na tangazo linalosema "wenye wivu wajinyonge" litapata mtu wa mtaani atakayeamini kuwa ni kijembe chake.

8. Emoji moja ina madhara gani kwenye meseji ya kawaida?

Kwenye WhatsApp haina neno. Kwenye meseji ya simu ina gharama. Meseji moja hubeba herufi 160 endapo maandishi ni ya kawaida, na Kiswahili chote huandikika kwa herufi hizo za kawaida. Ikizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153. Lakini ukiweka alama moja tu isiyomo katika seti hiyo, kama emoji, meseji nzima hubadilishiwa mfumo, na ukomo unashuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande inapokatwa.

Toleo letu la kirafiki lina herufi 158 pamoja na nafasi na alama, kwa hiyo ni meseji moja. Likiongezewa emoji moja linakuwa meseji tatu, na anayetuma kwa wateja mia nne analipia meseji 1,200. Toleo rasmi lina herufi 248, yaani meseji mbili.

Mtego unaowanasa wengi zaidi ni ritifaa. Kompyuta hupenda kuigeuza ' iliyonyooka iwe ’ iliyopinda, na hiyo iliyopinda haimo katika seti ya kawaida. Neno moja kama "ling’are" lililonakiliwa kutoka kwenye programu ya kuandikia barua linatosha kukuongezea gharama mara tatu, na kwa macho huoni kilichobadilika.

## Kutoka matoleo matatu hadi sauti moja

9. Nikishakuwa na matoleo matatu, ninaipataje sauti?

Yachape yote matatu kwenye karatasi moja, kisha yasome kwa sauti mbele ya mtu anayehudumia wateja kila siku. Usimuulize lipi ni zuri. Muulize ni sentensi ipi asingeweza kuitamka akiwa dukani bila kuona haya, na uipigie mstari. Katika duka letu, mama mwenyewe aligoma kwenye "zitahudumiwa", akasema hajawahi kutamka neno hilo maishani mwake. Aligoma pia kwenye "Jamani" ya rasimu ya kwanza, kwa kuwa wateja wake wengi ni wenye hoteli za chakula na watu wazima kuliko yeye.

Kisha tafuta yaliyokataa kubadilika. Katika matoleo yote matatu, duka lile lilitaja bei zote mbili, ya sasa na ijayo, ingawa lingeweza kuificha ya sasa. Katika yote matatu lilimpa mteja muda wa kujiokoa. Hakuna aliyewaagiza wafanye hivyo. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yao: duka linaloonyesha hesabu waziwazi na kukuonya mapema. Toni ya kirafiki ikawa makazi ya kila siku, na toni rasmi ikawekwa kwa ajili ya ankara na barua za serikali ya mtaa. Utani ulipewa nafasi ndogo, kwenye salamu za sikukuu na kwenye mazungumzo na mteja aliyeanza kutania yeye.

Rudia zoezi kwa jumbe mbili zaidi kabla ya kuamua, mmoja wa kuomba radhi na mmoja wa kudai deni. Sauti iliyoonekana kwenye tangazo la bei ikipotea kwenye deni, bado hujaipata.

10. Niandike nini kwenye mwongozo, na uwe mrefu kiasi gani?

Ukurasa mmoja, ubandikwe pale simu inapochajiwa. Weka uamuzi, acha sifa. "Tuwe wachangamfu" haimsaidii mtu. "Tunaanza kwa Habari, hatuanzi kwa Mpendwa mteja" inamsaidia. Ukurasa wa duka letu ulisema kwamba tunajiita "sisi", kamwe si "uongozi". Mteja ni "wewe" wa umoja. Tunaomba kwa "naomba" au kwa kitenzi laini ("utuletee mtungi mtupu"), na amri kavu tunaiweka kwa usalama peke yake (tazama swali la 16). Saa huandikwa kwa Kiswahili na lazima ifuatwe na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Chini yake yalibandikwa yale matoleo matatu, la kirafiki likiwa limezungushiwa duara. Mfano hufundisha haraka kuliko kanuni.

11. Wanaojibu wateja ni wengi. Je, wote waandike sawasawa?

Hapana. Waandike kama ndugu wa nyumba moja, wala si kama mtu mmoja. Kijana wa bodaboda akiandika "Nipo getini" hakuna haja ya kumrekebisha. Yanayolindwa ni yale ya swali la 9 tu: hesabu iwe wazi, na onyo litangulie. Akichelewa, aseme kabla mteja hajauliza. Majibu yanayorudiwa kila siku, kama bei na maeneo mnakofika, yahifadhiwe kama majibu ya haraka kwenye WhatsApp Business ili yasibuniwe upya na kila mtu.

## Penye utata

12. Tuseme "pole" au "samahani"?

Haya si maneno ya toni tofauti. Ni maneno ya maana tofauti. "Pole" humliwaza aliyepatwa na jambo, hata kama huhusiki nalo. "Samahani" na "tunaomba radhi" hukiri kwamba kosa ni lako. Duka lililochelewesha mtungi kwa saa tatu likaandika "Pole sana kwa kusubiri" limejiweka upande wa watazamaji, na mteja huligundua hilo hata asipoweza kulieleza. Ukikosea anza na samahani, eleza ulichokifanya, kisha pole inaweza kufuata: "Samahani, tulikosea nyumba. Pole kwa kusubiri na chakula hakijaiva."

13. Je, tumsalimie mteja kwa shikamoo?

Katika ujumbe unaotumwa kwa wengi, hapana. Shikamoo hudai kujua nani mkubwa, na hudai marahaba irudi, ilhali meseji ya matangazo haina anayeisubiri. "Habari" inatosha. Katika mazungumzo ya mtu na mtu, mfuate mteja: akianza na shikamoo itikia, na ukimjua kuwa ni mtu mzima tangulia wewe. "Kaka", "dada" na "mama" yatumike baada ya kumsikia mtu au kumjua, kwa sababu jina la akaunti hudanganya.

14. Deni lidaiwe kwa toni gani?

Ya kirafiki kwanza, kwa kutaja kiasi na tarehe bila kuzunguka: "Habari mama, naomba kukukumbusha Sh 25,000 ya mtungi wa tarehe 11. Je, Ijumaa itafaa?" Kama hakuna jibu, panda hadi rasmi. Utani usiutumie kabisa hapa, kwa kuwa deni lililotaniwa humpa mdaiwa ruhusa ya kutania jibu.

15. Tuna wateja Dar es Salaam na Mombasa au Nairobi. Sauti moja itatosha?

Sauti itatosha, matoleo hayatatosha. Toleo rasmi huvuka mpaka karibu bila mabadiliko, la kirafiki hubadilika kidogo, na la utani huandikwa upya. Mtungi wa kati Tanzania ni wa kilo 15 na Kenya ni wa kilo 13, kwa hiyo hata kiini kinabadilika. Kwenye adabu, "nipe" ni neno la kawaida dukani Nairobi, ilhali Mtanzania husikia ukali ndani yake na angesema "naomba". Utani wa Nairobi huegemea Sheng, ambayo mgeni akiibahatisha huchekwa yeye badala ya mzaha wake. Mwachie aliye kule aandike toleo la tatu, umpe kiini na ukurasa wa swali la 10.

16. Je, kuna ujumbe ambao sauti ya biashara inapaswa kunyamaza?

Upo, na kwa muuza gesi ni ule wa mteja anayesema ananusa gesi ndani. Hapo hakuna habari, hakuna tafadhali, hakuna jina la duka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutanda chini sakafuni, na cheche ya swichi inaweza kuiwasha. Jibu lililoandaliwa na duka letu lilikuwa hili, nalo liliwekwa juu kabisa ya majibu ya haraka:

> Funga valvu ya mtungi. Fungua milango na madirisha. Usiwashe wala usizime taa. Toka nje na watu wote. Ukishatoka, tupigie.

Binti alitaka kuongeza "usijali" mwishoni, na mama akalikataa neno hilo.